384 yako imetoka wapi? Makadirio matatu yanayobeba saizi ya sampuli

Ukifungua maandiko ya utafiti ya wanafunzi wetu wa afya, ukashuka mpaka sehemu ya saizi ya sampuli, kuna namba utakutana nayo mpaka uizoee: 384. Wengine wanaongeza asilimia 10 ya wasiojibu inakuwa 422 au 423, basi wamemaliza, wanahamia ukurasa unaofuata. Sina ugomvi na hiyo namba yenyewe, ugomvi wangu ni kwamba inawekwa kila mahali kama chumvi, hata kwenye tafiti ambazo hazihusiani nayo kabisa.

Inatoka hapa: 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05², jibu 384.16. Kwanza ukitaka kuwa mkali, 384.16 inapaswa kupanda kuwa 385, ila hiyo tuiache. La msingi ni swali ambalo hiyo hesabu inalijibu. Inajibu swali la mtu anayetaka kujua asilimia ngapi ya watu wana jambo fulani, kwa sampuli ya kubahatisha, akubali kukosea asilimia 5 juu au chini, na hana fununu yoyote asilimia yenyewe ni ngapi ndo maana anaweka 50. Mtu anayetaka kulinganisha makundi mawili kuona kama tiba au huduma fulani inafanya kazi, hajaulizwa hapo. Hiyo fomula haina hata sehemu ya kuweka tofauti anayoitafuta.

Sasa tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Mwanafunzi wa mastaz anataka kujua kama wagonjwa wa presha kwenye kliniki ya hospitali ya wilaya, wakitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kila mwezi kwa miezi 6, presha yao itashuka kuliko wale wanaoendelea na kliniki ya kawaida tu. Wagonjwa wanagawanywa kwa kura, mmoja mmoja, makundi mawili. Kipimo kikuu ni namba ya juu ya presha mwezi wa 6. Hesabu yake ni hii:

```
n kwa kila kundi = 2 × (1.96 + 0.84)² × SD² / d²
                 = 15.68 × SD² / d²
```

Hiyo 1.96 ni ya kiwango cha kosa cha asilimia 5, 0.84 ni ya nguvu ya utafiti ya asilimia 80. Hizo mbili karibu kila mtu anazikubali kwa mazoea, mhakiki hatakusumbua sana. Atakusumbua kwenye mbili zilizobaki: d, yaani tofauti unayotaka uweze kuiona kati ya makundi, na SD, yaani presha za watu zinatawanyika kiasi gani kuzunguka wastani wao. Alafu baada ya hapo kuna ya tatu ambayo haipo kwenye fomula lakini inakusubiri, nayo ni wangapi watapotea njiani kabla ya mwezi wa 6. Angalia pia kwamba d iko chini na imepigwa mraba, maana yake ukiipunguza nusu, sampuli haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwa hiyo anayecheza na d ameshika usukani wa utafiti mzima, na wengi wanaushika bila kujua.

Njia ya mkato ninayoiona sana kwenye d ni ile ya kuandika "tumechukulia athari ya wastani, 0.5", yaani tofauti iliyo nusu ya SD. Mtaalamu wa takwimu Jacob Cohen ndiye aliyeweka hizo 0.2, 0.5 na 0.8 kama ndogo, wastani na kubwa, lakini hakumaanisha ziwe mbadala wa kujua fani yako. Ukiiweka hiyo 0.5 kwenye hesabu unapata watu 63 kila kundi, inapendeza sana, bajeti inatosha, supavaiza anatabasamu. Ila ibadilishe irudi kwenye presha uone umeahidi nini. Kama SD ni 18, basi 0.5 ni tofauti ya 9 mmHg. Uchambuzi mkubwa wa tafiti 354 za dawa za presha uliochapishwa 2003 ulionyesha dozi moja ya kawaida ya dawa moja inashusha namba ya juu kwa takribani 9 mmHg. Kwa hiyo mwanafunzi wetu bila kujijua ameandika kwamba mhudumu akipita nyumbani mara moja kwa mwezi kupiga stori na kukumbusha dawa, atafanya kazi sawa na kumuongezea mgonjwa kidonge kizima. Inawezekana? Labda. Lakini hilo ni dai, na dai linataka ushahidi, halifichwi nyuma ya neno wastani.

Mkato wa pili ni kukopa tofauti kutoka kwenye utafiti wa kabla na baada. Unakuta mtu kasoma makala, wagonjwa walianza na 158 wakamaliza na 146, basi anaandika d = 12. Hapana. Watu wanaingizwa kwenye utafiti siku presha yao iko juu, na mtu aliyekamatwa siku ya juu kipimo kinachofuata huwa kinashuka chenyewe kurudi kwenye kawaida yake, hata usipomfanya chochote. Juu ya hapo kundi la kulinganishia nalo linatibiwa, linapata dawa, linashuka pia. Unachohitaji ni tofauti kati ya kushuka kwa kundi hili na kushuka kwa kundi lile, na hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko hiyo 12 inayovutia macho.

Sasa d nzuri inapatikanaje? Mimi naona inahitaji kupita milango miwili, na yote miwili iandikwe. Wa kwanza ni je, tofauti hiyo ikitokea kweli kuna mgonjwa atakayefaidika? Kwenye presha tuna bahati, jibu lipo: uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliotoka kwenye Lancet 2021 ulionyesha kila 5 mmHg inayoshuka inaendana na kupungua kwa takribani asilimia 10 ya matukio makubwa ya moyo na mishipa kama kiharusi na shambulio la moyo. Kwa hiyo 5 mmHg ina maana, mtu wa wizara akiiona hataipuuza. Mlango wa pili ni je, huduma ya aina hii inaweza kweli kuifikisha? Hapa unatafuta utafiti wa huduma inayofanana na yako, siyo wa presha tu. Utafiti wa COBRA-BPS, uliofanyika vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka na kuchapishwa 2020, ulitumia wahudumu wa jamii wanaopita majumbani pamoja na mafunzo kwa madaktari, ukapata tofauti ya 5.2 mmHg, na wigo wa uhakika kutoka 3.2 mpaka 7.1. Hapo unaweza kusimama na 5 yako, huku ukikubali wazi kwamba wao walikwenda miezi 24 na walifanya zaidi ya kutembelea tu, wewe una miezi 6.

Na uone jinsi aina ya huduma inavyobadilisha kila kitu. Tuseme mwanafunzi huyu huyu angeachana na kutembelea akatumia SMS peke yake kwa sababu ni rahisi. Kule Cape Town walijaribu SMS kwa wagonjwa wa presha, watu 1,372, matokeo yakatoka 2016: kundi la ujumbe wa taarifa lilikuwa chini kwa 2.2 mmHg tu ukilinganisha na huduma ya kawaida baada ya mwaka. Weka 2.2 kwenye fomula na SD ile ile 18 utapata watu 1,050 kila kundi. Hospitali ile ile, kipimo kile kile, wagonjwa wale wale, lakini kutoka 63 ya "athari ya wastani" umefika 1,050 kwa sababu tu umeuliza huduma hii kweli inaweza nini. Anayeweka 5 kwenye andiko la SMS kwa sababu 5 ina maana kwa mgonjwa kapita mlango wa kwanza kaukwepa wa pili, na utafiti wake utaisha na sentensi ya "hakukuwa na tofauti" ambayo haimwambii mtu kama SMS hazifanyi kazi au sampuli ilikuwa ndogo.

Turudi kwa wahudumu wa jamii, d ni 5. SD je? Hapa desturi ni kufanya pailoti ya watu 20, ukapata SD yako, ukaiweka. Inaonekana ya kisayansi kabisa, umetoka ofisini umepima watu wako mwenyewe. Shida ni kwamba SD ya watu 20 inayumba vibaya. Tuseme pailoti imekupa 14. Wigo wa uhakika wa asilimia 95 wa hiyo 14 unaanzia kama 10.6 unafika 20.4. Ukiiamini 14 kama ilivyo unahitaji watu 123 kila kundi. Kumbe SD ya kweli ni 18, na ulihitaji 204. Hao 123 wako wamekuachia nguvu ya kama asilimia 59, yaani hata kama huduma inafanya kazi kweli, una nafasi karibu nne kwa kumi ya kuikosa. Kama pailoti ndo kitu pekee ulichonacho basi usichukue namba ya katikati, chukua iliyopandishwa: kwa watu 20 kuna kanuni ya kuizidisha kwa takribani 1.18, inayokupa ukomo wa juu wa uhakika wa asilimia 80, hiyo 14 inakuwa 16.5 na watu wanakuwa 171. Bado haitoshi kwenye mfano wetu, ila angalau umejikinga kiasi.

Ila mimi ningeacha pailoti iwe ya kujaribu dodoso na usafiri, SD ningeenda kuitafuta kwenye mafaili. Kliniki ya presha ina kumbukumbu, tarehe na vipimo vimeandikwa pale, ukiwa na kibali cha hospitali na cha maadili unachukua wagonjwa kama 150 walioanza mwaka jana unaangalia presha yao ya kuanza na ya mwezi wa 6. Kwa watu 150, SD ya 18 inayumba kati ya kama 16 na 20 tu, tofauti na ile pailoti. Na kuna vitu viwili vya kuangalia hapo. Cha kwanza, SD unayoitaka ni ya mwezi wa 6, siyo ya siku ya kuanza, kwa sababu kama kigezo cha kuingia ni 140 kwenda juu basi siku ya kuanza umekata mkia mzima wa chini, watu wote wamebanana juu ya 140, SD inakuwa ndogo kwa kulazimishwa. Baada ya miezi 6 wametawanyika, kuna wa 122 na kuna wa 185. Anayechukua SD ya kuanza kutoka kwenye makala ya watu anajipunja bila kujua. Cha pili, namba za mafaili zimezungushwa, utakuta 140, 150, 160 zimejaa mpaka unashangaa, na mara nyingi wamepima mara moja mgonjwa akiwa katoka kutembea juani. Wewe utapima mara tatu uchukue wastani wa mbili za mwisho, kwa hiyo SD yako inaweza kuwa ndogo kidogo kuliko ya faili. Iandike hivyo hivyo, ila usiishushe kwa kukisia. Iache 18 kama akiba.

Mafaili hayo hayo yanakupa zawadi nyingine ambayo wengi wanaiacha mezani. Kwa sababu kila mgonjwa ana kipimo cha kuanza na cha mwisho, unaweza kuona vinafuatana kiasi gani. Kama uhusiano wake ni 0.5, na ukaahidi kwamba kwenye uchambuzi utaingiza presha ya kuanza kwenye modeli, sampuli inazidishwa kwa 1 − 0.5², yaani 0.75. Ile 204 inashuka mpaka 153 bila kugusa d wala kudanganya mtu. Ila ukiipunguza sampuli kwa njia hii lazima sehemu ya uchambuzi nayo iseme hivyo, siyo huku umepunguza kule umeandika t-test ya kawaida. Nimeona maandiko ambayo sehemu hizo mbili kama zimeandikwa na watu wasiosalimiana.

Kwa wanaotumia R, kianzio ni hiki, na kitakupa 205 badala ya 204 kwa sababu yenyewe inatumia mgawanyo wa t, usigombane nayo:

```
power.t.test(delta = 5, sd = 18, sig.level = 0.05, power = 0.80)
```

Sasa wanaopotea njiani. Asilimia 10 imekuwa kama kodi, kila mtu anaiweka hakuna anayeuliza. Wakati jibu liko kwenye mafaili yale yale: kati ya wale 150 walioanza mwaka jana, wangapi wana kipimo chochote kati ya mwezi wa 5 na wa 7? Kama wamebaki 120, umepoteza asilimia 20, na hiyo ndo namba yako ya kuanzia, hata kama kila mtu mwingine ameandika 10. Unaweza kusema wewe utawapigia simu na kuwafuata nyumbani kwa hiyo utapoteza wachache, sawa, lakini sema pia kwamba msimu wa kilimo watu wanahamia mashambani na laini za simu zinabadilishwa. Alafu hesabu yenyewe inakosewa kila siku. Ukihitaji 153 mwishoni na utapoteza asilimia 20, unagawa kwa 0.8 unapata 192. Ukizidisha kwa 1.2 unapata 184, asilimia 20 yao wakiondoka unabaki na 147, umeshapungukiwa. Tofauti ni watu wachache hapa, lakini ukipoteza asilimia 30 au 40 pengo linakuwa kubwa.

(Na ndiyo, 192 mara mbili ni 384. Cheka tu. Namba ni ile ile, lakini hii ukibanwa na komiti una la kusema kwa kila tarakimu, na ukibadilisha huduma kuwa SMS unajua itapasuka wapi.)

Kuna jambo ambalo hata hiyo asilimia 20 iliyohesabiwa vizuri hailigusi. Kupotea kuna sura mbili na watu wanazichanganya kwenye sentensi moja. Kuna mgonjwa ambaye hakupimwa mwezi wa 6, huyu kipimo chake hakipo kabisa. Na kuna mgonjwa aliyekataa kutembelewa baada ya mwezi wa pili, jirani walianza kuuliza ana ugonjwa gani huyu anayefuatwa na mhudumu, lakini mwezi wa 6 alikuja kliniki akapimwa. Huyu wa pili hajapotea. Kwa kanuni ya kumchambua kila mtu kwenye kundi alilopangiwa, yumo, na amekuja na presha ya mtu ambaye hakupata huduma. Kama watu wa namna hii ni asilimia 20 ya kundi la kutembelewa na huduma kwao haijafanya kitu, tofauti yako ya 5 imeyeyuka imekuwa 4. Na 4 kwenye ile fomula ya kulinganisha makundi, kabla ya kurekebisha kwa presha ya kuanza, inataka 318 pale 5 ilipotaka 204, ongezeko la zaidi ya nusu, wakati waliokosa kipimo kwa asilimia hiyo hiyo 20 wangekuongezea robo tu. Kwa hiyo waliokataa huduma ni ghali kuliko waliopotea, na unawarekebisha kwenye d, siyo kwenye asilimia ya mwisho. Kama d yako imetoka kwenye utafiti uliochambua kila mtu kwenye kundi lake, kama ule wa COBRA-BPS, basi kuyeyuka huko kumeshaingia humo tayari na usikuhesabu mara mbili.

Na kuongeza watu hakuponyi upendeleo. Kama wanaopotea kwenye kundi la kawaida ni wale waliozidiwa wakahamia hospitali ya mkoa, waliobaki wanaonekana wazima kuliko ukweli, hata ukiwa na watu 2,000 jibu litakuwa limepinda, limepinda kwa uhakika zaidi tu. Ndo maana fungu la nauli na simu za ufuatiliaji lina thamani kuliko kuandikisha wagonjwa 40 wa ziada.

Kwenye andiko haya yote hayahitaji kurasa. Yanaweza kukaa hivi: "Tunatafuta tofauti ya 5 mmHg katika namba ya juu ya presha mwezi wa 6, kwa kuwa kushuka kwa kiasi hicho kunaendana na kupungua kwa matukio ya moyo kwa takribani asilimia 10, na huduma ya wahudumu wa jamii inayofanana na yetu imewahi kufikia 5.2. SD ya 18 na uhusiano wa 0.5 vimetoka kwenye mafaili ya wagonjwa 150 wa kliniki hii hii. Kwa nguvu ya asilimia 80 na kosa la asilimia 5, tukirekebisha kwa presha ya kuanza, tunahitaji 153 kila kundi. Asilimia 20 ya wagonjwa hao hawakuwa na kipimo cha miezi 6, hivyo tutaandikisha 192 kila kundi." Chini yake weka jedwali dogo, SD ikiwa 16, 18 na 20, d ikiwa 4, 5 na 6, ili msomaji aone mwenyewe wapi pembamba.

Mgawanyo ukiwa wa kliniki nzima kwa kliniki nzima badala ya mgonjwa mmoja mmoja, hesabu hii haikutoshi, maana wagonjwa wa kliniki moja wanafanana. Kliniki zenye wagonjwa 20 kila moja na kipimo cha kufanana huko, yaani ICC, cha 0.05 tu zinakaribia kuidabo sampuli yako, mara 1.95.

Linabaki lile ambalo halisemwi kwenye andiko ila linajulikana kwenye korido. Hela inatosha watu 120 kila kundi, kwa hiyo mtu anakaa na kalkuleta anasukuma d juu taratibu, 5, 6, 7, mpaka sampuli imelingana na bajeti, alafu anatafuta makala ya kuegemea. Geuza hesabu uifanye hadharani. Watu 120, ukipoteza asilimia 20 wanabaki 96, kwa SD ya 18 tofauti ndogo unayoweza kuiona kwa nguvu ya asilimia 80 ni kama 7.3 mmHg, na ukirekebisha kwa presha ya kuanza inashuka kama 6.3. Andika hivyo. Komiti inaweza kukuambia 6.3 ni kubwa mno kwa huduma hii, na itakuwa sahihi, hapo una njia: unganisha nguvu na mwenzako wa wilaya jirani mkusanye kwa itifaki moja, au ubadilishe andiko liwe la kupima kama huduma yenyewe inatekelezeka, wangapi wanakubali kutembelewa, wangapi wanabaki mpaka mwezi wa 6, presha inatawanyika vipi. Sampuli ya utafiti wa namna hiyo inahesabiwa kwa usahihi wa hizo asilimia, na hapo ile fomula ya mwanzo, ya asilimia moja na kosa lake juu na chini, ina kazi halali ya kufanya.